Wanaoondoka na Wanaobaki: Jinsi Wafanyakazi Wanavyopima Uamuzi wa Wakubwa Wao



Katikati ya mwezi wa Machi 2020, soko la maua la Uholanzi liliporomoka kwa muda wa siku chache. Kwenye mnada wa Aalsmeer, maua ambayo kwa kawaida hununuliwa asubuhi yakakosa wanunuzi na mengi yakatupwa. Waridi halina subira. Likikatwa Naivasha leo na lisisafirishwe, kesho ni takataka. Mashamba yaliyo kando ya Ziwa Naivasha yakaanza kuwarudisha wafanyakazi nyumbani, na kabla mwezi haujaisha maelfu ya watu walikuwa hawana kazi au hawana mshahara, ingawa barua zao za kuajiriwa zilikuwa bado sandukuni.

Sababu ilijulikana na kila mtu. Korona ilikuwa redioni mchana na usiku, na hakuna mfanyakazi wa Karagita aliyehitaji kuelezwa kwamba dunia imefunga milango. Lakini kujua sababu ya hasara si sawa na kukubali jinsi hasara hiyo ilivyogawanywa. Mtu aliyerudishwa nyumbani anajiuliza kwa nini amerudishwa yeye na jirani yake amebaki. Anajiuliza nani aliandika hiyo orodha, na alitumia kipimo gani. Tena anajiuliza kwa nini alipata habari getini, kutoka kwa bawabu, na si kutoka kwa msimamizi wake aliyefanya kazi naye miaka minane. Maswali hayo ni matatu na kila moja lina jibu lake. Meneja anayejibu la kwanza tu hushangaa anapoona watu bado wamekasirika.

Wataalamu wa mambo ya kazi wamechunguza jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1965 mwanasaikolojia J. Stacy Adams aliandika kwamba mfanyakazi hapimi alichopata kikiwa peke yake, bali anakiweka kando ya cha mwenzake, kisha anaangalia kila mmoja ametoa jasho kiasi gani. Wakazi wa kaunti hii wameliona jambo hilo kwa macho yao. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, serikali ya kaunti ilipokea wafanyakazi wa yaliyokuwa mabaraza, likiwemo Baraza la Manispaa ya Nakuru, ikapokea pia watumishi waliotoka serikali ya kitaifa, na baadaye ikaajiri wengine kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Watu waliokuja na masharti tofauti ya kazi wakajikuta chini ya mwajiri mmoja. Hata kwa yule ambaye hakupunguziwa hata senti, manung'uniko yalikuwa na msingi, kwa sababu kipimo cha mtu ni jirani yake.

Hata hivyo, kiasi cha fedha hakielezi kila kitu. Utafiti unaotajwa zaidi kuhusu jambo hili ulichapishwa mwaka 1990 na Jerald Greenberg, naye alifuatilia viwanda vitatu vya kampuni moja ya Marekani. Kampuni hiyo ilikuwa imepoteza kandarasi kubwa, na badala ya kufuta watu ikaamua kupunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa muda wa majuma 10 katika viwanda viwili. Kiwanda cha tatu hakikuguswa.

Katika kiwanda cha kwanza mkuu wa kampuni aliita wafanyakazi, akakaa nao dakika 90 hivi, akawaonyesha hesabu, akaeleza kwa nini punguzo lilichaguliwa badala ya kufuta watu, akasema anasikitika, na akajibu maswali. Katika kiwanda cha pili mkutano ulichukua dakika 15. Watu waliambiwa mishahara inapunguzwa kwa sababu kandarasi zimepotea, basi, msemaji akawa na ndege ya kuwahi.

Asilimia ilikuwa ile ile 15 na majuma yalikuwa yale yale 10. Greenberg alipima kitu ambacho hakuna mtu angekikiri kwenye fomu ya maswali, yaani vifaa na bidhaa zilizopotea bila maelezo. Wizi uliongezeka katika viwanda vyote viwili vilivyopunguziwa mishahara, lakini palipotolewa maelezo mafupi bila utu uliongezeka zaidi sana, na wafanyakazi wengi zaidi wakaacha kazi. Mishahara iliporudi kama zamani, upotevu nao ukarudi kiwango cha awali. Ni viwanda vitatu tu, vya nchi nyingine na wakati mwingine, kwa hiyo si vizuri kuvibebesha zaidi ya uwezo wao. Lakini mtu yeyote aliyewahi kusimamia stoo ya mbolea ataelewa upesi kilichotokea hapo.

Tuje nyumbani, kwenye sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, inaeleza mwajiri afanye nini anapolazimika kupunguza wafanyakazi kwa sababu kazi yenyewe haipo tena, si kwa sababu wamekosa. Ikiwa mfanyakazi ni mwanachama wa chama, mwajiri atakiarifu chama hicho pamoja na afisa wa kazi wa eneo lile, angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na ukubwa wa punguzo. Kwa mashamba ya maua chama kinachohusika mara nyingi ni KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo, chenye makao makuu hapa Nakuru. Asiye mwanachama ataarifiwa yeye mwenyewe kwa maandishi, na afisa wa kazi ataarifiwa pia. Katika kuchagua nani aondoke, mwajiri atazingatia muda mtu aliofanya kazi, ujuzi wake, uwezo wake na jinsi anavyotegemewa. Siku za likizo ambazo hazijatumika zitalipwa, notisi ya mwezi mmoja itatolewa au mshahara wake kulipwa, na kila mwaka uliokamilika utalipiwa si chini ya siku 15.

Watu wengi husoma kifungu hicho wakaona fedha peke yake. Mahakama imesoma zaidi ya hapo. Mwaka 2012 shirika la ndege la Kenya Airways lilipunguza wafanyakazi 447, chama chao kikaenda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikatoa uamuzi ambao mawakili wa kazi wanautaja hadi leo. Majaji walikubali kwamba shirika lilikuwa na matatizo ya kweli ya fedha, na hawakuagiza watu wote warudishwe kazini. Lakini namna shughuli ilivyoendeshwa ilionekana kuwa na kasoro, na fidia ikaamriwa. Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alieleza kwamba notisi ya mwezi mmoja haikuwekwa kuwa salamu ya kwaheri. Imewekwa ili pande zote zikae, zishauriane, zitafute njia ya kuepuka punguzo au angalau kulipunguza makali. Kwa maneno mengine, mwajiri anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa na bado akashindwa, kwa kuwa njia aliyoipita haikuwa ya haki.

Njia hiyo inaonekanaje shambani? Chukua mfano wa kubuni. Pakihausi moja ina wafanyakazi 60 wanaopanga na kufunga waridi, na oda zimepungua kiasi kwamba kazi iliyobaki ni ya watu 40. Njia ya mkato ni kuwaita masupavaiza watatu jioni, kila mmoja aandike majina saba au sita ya watu wake, orodha ipelekwe ofisini, na asubuhi wenye majina hayo wazuiwe getini. Shughuli imekwisha kwa saa moja. Lakini kila supavaiza alitumia kipimo chake. Mmoja aliangalia nani anachelewa, wa pili aliangalia nani mbishi, na wa tatu huenda alimwokoa mtu wa kwao. Hata kama orodha ile ingetokea kuwa nzuri, hakuna mtu angeweza kuonyesha kwamba ni nzuri.

Njia ya pili inachukua mwezi mzima. Barua zinaenda kwa chama na kwa afisa wa kazi. Mkutano unafanyika, na mambo yanayojadiliwa kwanza si majina, ila kama wapo watu wanaotaka kuondoka kwa hiari, kama likizo zilizolimbikizwa zinaweza kutumika, kama zamu zinaweza kupunguzwa kwa wote. Hapo mwajiri akumbuke kifungu cha 10 cha sheria hiyo hiyo. Kubadilisha masharti yaliyoandikwa kwenye mkataba, mathalani kumpa mtu likizo isiyo na malipo, kunahitaji kushauriana naye na kumpa mabadiliko hayo kwa maandishi. Tangazo la ukutani halitoshi.

Tuseme baada ya hayo yote bado kuna nafasi 40 tu. Sasa kinawekwa kipimo kimoja kwa wote 60, chenye alama za miaka ya kazi, ujuzi, mafungu ya maua kwa saa kutoka kwenye rekodi za kila siku, na mahudhurio ya miezi 12 kutoka kwenye rejista. Maoni ya supavaiza yasiyo na karatasi nyuma yake hayapewi alama. Kisha kila mfanyakazi anaonyeshwa alama zake mwenyewe kabla ya orodha kuwa ya mwisho, na anapewa siku tano za kupinga.

Siku hizo tano ndizo watu wengi wa ofisini huziona kuwa usumbufu, nazo ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Katika mfano wetu, mama mmoja mwenye miaka tisa kazini anajikuta nambari 43. Anaomba kuona rejista. Anakuta ameandikwa hayupo kwa miezi mitatu mfululizo, na karani alichukua siku hizo zote kama utoro. Alikuwa kwenye likizo ya uzazi, ambayo ni haki yake chini ya kifungu cha 29, na sheria inakataza mfanyakazi kubaguliwa kwa sababu ya ujauzito. Alama zinarekebishwa, anapanda hadi nambari 31, anabaki kazini.

Hadithi nyingi zingeishia hapo kwa makofi. Lakini nafasi ni 40, na mama yule alipopanda, waliokuwa kati ya 31 na 42 walishuka nambari moja kila mmoja. Kijana aliyekuwa wa 40 sasa ni wa 41. Jana alikuwa na kazi na leo hana, na hakufanya kosa lolote. Hapa ndipo uamuzi unapimwa kweli kweli, kwa sababu kwa mtu aliyepata, utaratibu wowote ni mzuri. Anayeweza kusema kama mambo yalikuwa ya haki ni yule aliyekosa.

Kijana huyu anastahili mambo mawili. La kwanza ni hesabu kamili. Ana miaka sita iliyokamilika, na kama analipwa shilingi 500 kwa siku, basi siku 15 mara 6 mara 500 ni shilingi 45,000, juu yake mshahara wa mwezi wa notisi kama hakupewa notisi, na siku zake za likizo zilizobaki. Fedha hizo zionekane kwenye karatasi, mstari kwa mstari, si jumla moja anayotakiwa kuisaini akiwa amesimama. La pili ni kuambiwa ana kwa ana na mtu aliyeshiriki katika uamuzi, kwa lugha anayoielewa, alama zake zikiwa mezani, akiambiwa wazi kwamba rekodi ya mwenzake ilirekebishwa na ndiyo maana nafasi yake imebadilika. Jina la mwenzake na sababu zake za siri si lazima kutajwa. Ataondoka na uchungu. Hakuna mkutano unaoondoa uchungu wa kukosa kazi, na meneja anayetarajia shukrani siku hiyo hajui anachotarajia. Lakini ataondoka akijua kwamba hakuna mtu aliyemchagua kwa chuki.

Tena wapo 40 waliobaki, na hao hutazama kila kitu. Walioko kwenye meza za kufungia maua wanaona wenzao wameondokaje, na kutokana na hilo wanakadiria siku yao itakuwaje. Kama waliondoka na askari nyuma yao kama wezi, waliobaki huanza kutafuta kazi kwingine wakiwa bado wamevaa aproni za shamba. Dalili zake haziji kwa mdomo. Utaona karatasi za hospitali zimeongezeka, watu wanaacha kutoa taarifa mashine ikiharibika, mikutano imekuwa kimya, na maswali yanaulizwa kwenye steji ya bodaboda badala ya ofisini. Meneja akisema siku hizi hakuna malalamiko, inafaa aulizwe mara ya mwisho lalamiko lilipokewa na nani, na likajibiwa lini.

Kuna mtego mmoja ambao umewaangusha hata waajiri wenye nia njema. Watafiti John Thibaut na Laurens Walker walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba watu huuona uamuzi kuwa wa haki zaidi wakipewa nafasi ya kusema upande wao, hata pale ambapo mwamuzi ni mtu mwingine. Baadhi ya wakubwa wakalipokea somo hilo vibaya. Huita watu watoe maoni wakati orodha imeshapigwa chapa. Wafanyakazi hugundua, kwani barua zikitoka siku moja baada ya mkutano, zikiwa na tarehe ya wiki iliyopita, mtoto wa shule anaweza kupiga hesabu hiyo. Kuulizwa kwa kejeli huacha hasira kubwa kuliko kutoulizwa kabisa. Kama jambo limeshaamuliwa na haliwezi kubadilika, ni heri kusema hivyo na kueleza sababu, kuliko kuigiza mashauriano. Vivyo hivyo kwa maelezo. Yule mkuu wa kiwanda cha dakika 90 alikuwa na hesabu za kweli za kuonyesha. Maneno matamu juu ya hesabu za uongo yangemgeuka.

Kifungu cha 40 ni cha kazi iliyokwisha. Pale mtu anapotuhumiwa kwa kosa, utaratibu ni mwingine, ulio katika kifungu cha 41. Mwajiri anatakiwa kumweleza mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, kosa linalomfanya afikirie kumwachisha kazi, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama kazini, amchague mwenyewe, wakati wa maelezo hayo. Kisha mwajiri asikilize majibu ya wote wawili kabla ya kuamua. Mwaka 2013, katika kesi ya mwalimu dhidi ya Tume ya Huduma ya Walimu, Jaji Linnet Ndolo alisema kwamba kumwachisha mtu kazi kuwe na sababu halali na pia utaratibu wa haki. Kimoja hakitoshi. Hata mfanyakazi aliyekamatwa na mzigo mkononi anatakiwa kusikizwa kwanza, na waajiri wengi wamelipa fidia kwa kuona jambo hilo kuwa upuuzi. Fidia hiyo inaweza kufikia mishahara ya miezi 12.

Kwa watumishi wa serikali ya kaunti, Katiba yenyewe, ibara ya 236, inasema afisa wa umma hataonewa kwa kutekeleza wajibu wake, wala kufukuzwa, kushushwa cheo au kuadhibiwa bila utaratibu wa kisheria. Mtumishi asiyeridhika na uamuzi wa nidhamu wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Rufaa iandikwe, na iwe ndani ya siku 90 tangu uamuzi kutolewa. Ni vizuri wasimamizi wa idara wawaeleze watumishi wao habari hiyo siku ile ile barua ya adhabu inapotolewa, badala ya kusubiri waisikie kwa wakili.

Kwa mkazi aliyeajiriwa na shamba, kiwanda, shule ya kibinafsi au duka, mlango wa kwanza ni afisa wa kazi. Ofisi yake iko chini ya serikali ya kitaifa, si ya kaunti, na wengi hupoteza wiki nzima wakizungushwa kwa kutojua hilo. Aliyeachishwa kazi bila haki ana miezi mitatu ya kupeleka lalamiko kwa afisa huyo. Kwenda mahakamani, mipaka ni miaka mitatu, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa hapa Nakuru. Aende na barua ya kuajiriwa kama anayo, hati za malipo, barua ya notisi, na ujumbe wowote wa simu aliotumiwa na msimamizi kuhusu jambo hilo, ukiwa haujafutwa. Asiye na barua ya kuajiriwa asikate tamaa njiani, maana ni wajibu wa mwajiri kuandika masharti ya kazi na kuyahifadhi, na akishindwa kuyaonyesha mbele ya mahakama, ni yeye mwajiri atakayetakiwa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi.